Shangazi alitaka kumwaga chumvi kwenye gunia

Shangazi yangu wa Kongwa alinipigia simu saa mbili usiku, na salamu zake zikawa fupi kuliko kawaida.

"Marahaba, marahaba. Ile sauti yako nimeisikiliza. Sasa niambie mwanangu, chumvi ni kiasi gani kwa gunia moja?"

Nikamuuliza chumvi ya nini.

"Si ya kuua hiyo kuvu uliyoisema?"

Nikakaa kitako. Ile sauti nilikuwa nimeitoa kwenye makala yangu ya sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga. Makala yenyewe ilikuwa ndefu, maneno kama 1,200, na watu waliisoma bila kulalamika. Kisha mtangazaji mmoja wa redio ya jamii akaniomba niigeuze kuwa maelezo ya kusikiliza, dakika tatu, "si tatu na nusu, kaka, kuna matangazo ya vifo baada yako." Nikachukua makala, nikapunguza aya, nikasoma kwenye simu, nikaituma kwanza kwenye kundi letu la ukoo la wasapu nione watasemaje. Wote wakaweka vidole gumba. Shangazi peke yake ndiye aliyepiga simu, na namshukuru Mungu alipiga kabla hajafungua mfuko wa chumvi.

Chumvi ilikuwemo kweli. Ila nilikuwa nimeizungumzia kama kipimo, si kama dawa. Hii hapa sentensi yenyewe, kama ilivyokuwa kwenye makala na kama nilivyoisoma:

"Kipimo rahisi kinachoweza kufanyika nyumbani ni kuweka punje za mahindi hadi theluthi moja ya chupa safi na kavu ya ujazo wa takriban mililita 750, kuongeza gramu 20 hadi 30 za chumvi kavu, kufunga chupa na kuitikisa kwa dakika moja, kisha kuiacha itulie kwa dakika 15, ambapo chumvi ikionekana kunata kwenye kuta za chupa huwa ni ishara kwamba unyevu umezidi asilimia 15, hivyo mahindi hayafai kuhifadhiwa."

Kwenye karatasi haina kosa. Msomaji akifika mwisho akajiona amepotea, macho yanarudi juu, yanaona "kipimo", yanaendelea. Msikilizaji hana pa kurudi. Shangazi alikuwa anachambua mchicha. Neno "kipimo" lilipita huku bomba linamwaga maji, akashika "mahindi", akashika "chumvi", na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kueleza ubaya wa kuvu, akaunganisha mwenyewe. Chumvi huhifadhi samaki, huhifadhi nyama, kwa nini isihifadhi mahindi? Amefikiri vizuri tu. Mimi ndiye niliyempa vipande bila uzi.

Usiku ule nikaanza upya. Safari ya kwanza nilikuwa nimeikata makala, sikuwa nimeibadilisha.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua dakika tatu ni maneno mangapi. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa maneno 140 mpaka 150 kwa dakika, maana yake 420 mpaka 450 kwa dakika tatu. Hesabu hiyo ni ya Kiingereza. Neno letu moja linabeba mzigo wa maneno manne matano ya wenzetu: "hayatakauka" ni neno moja, na ndani yake mna kitendo, wakati, ukanushi na mtendaji. Nilipojipima kwa saa ya simu, nikisoma kwa utulivu na kuvuta pumzi kama binadamu, nilitoka na maneno 110 hivi kwa dakika. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa na maneno 460. Ndiyo maana ilitoka dakika nne na zaidi hata nilipokuwa nakimbia, na kukimbia kwenyewe ndiko kulikomzamisha shangazi. Sasa nalenga maneno 310 mpaka 320, na sekunde chache zinazobaki ni za kunyamaza. Jipime mwenyewe, wapo wanaosema haraka zaidi yangu, lakini sijakutana na anayefika 150 kwa Kiswahili akaeleweka.

Na hapo kuna mtego wa tarakimu. Kompyuta inahesabu "2016" kuwa neno moja. Mdomo unasema "elfu mbili na kumi na sita". "Asilimia 13.5" inakuwa "asilimia kumi na tatu nukta tano". Kwa hiyo kwenye skripti naandika namba zote kwa maneno, jinsi zitakavyotamkwa, na hapo ndipo gharama yake inapoonekana. Makala ilikuwa na namba 19. Nilizitazama moja moja nikijiuliza: akiisikia hii mara moja tu, kesho ataikumbuka? Zilibaki nne.

Iliyoniuma kuitupa ni habari ya 2016. Mwaka ule watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 wakafariki. Kwenye makala ndiyo iliyofungua, na ilistahili. Kwenye sauti nikabakiza kifo tu: "Watu ishirini walikufa, hapa hapa kanda ya kati." Mwaka ukaenda, idadi ya wagonjwa ikaenda, na majina ya mikoa yakawa "hapa hapa kanda ya kati", kwa sababu redio ile inasikika huko huko na msikilizaji anajua anakokaa.

Kutupa huko kote kunawezekana tu ukishaamua swali moja. Makala yangu ilijibu maswali sita: kuvu inatoka wapi, sumu inaathirije ini, viwango vya Afrika Mashariki ni vipi, kukausha, kupima, kuhifadhi. Dakika tatu zinabeba swali moja na jibu lake. Nikachagua "utajuaje mahindi yamekauka?", kwa kuwa ndilo lenye kitu ambacho msikilizaji anaweza kukifanya kesho kwa mikono yake. Ini likaondoka, viwango vikaondoka. Mifuko isiyopitisha hewa nayo ikaondoka, ingawa naipenda sana, kwa sababu ukifungia mahindi mabichi kwenye mfuko wa namna hiyo umejifungia hasara tu.

Kisha ikaja kazi ya sentensi zenyewe, na hapa nakaa kidogo.

Ushauri tunaopewa sote ni "tumia sentensi fupi". Nilizikata kweli. Nikaweka nukta kila baada ya maneno matano, nikasoma, nikajisikia afande anaita gwaride. Weka. Ongeza. Funga. Tikisa. Ufupi pekee haukuondoa tatizo, kwa kuwa tatizo la ile sentensi ndefu halikuwa urefu peke yake. Ilianza na kitendo na kumalizia na sababu. Mtu anaambiwa achukue chupa, achukue chumvi, apime gramu, atikise, na mpaka hapo hajui anafanya hayo yote kwa ajili gani. Sababu inafika wakati mkono umejaa. Kwa sikio, sababu inatangulia, kitendo kinafuata: "Kujua kama yamekauka, yapime. Kupima, unahitaji chupa na chumvi." Msikilizaji anapokutana na chumvi, tayari anajua ni ya kupimia.

Tatizo la pili sikuliona mpaka niliposoma kwa sauti, na ni la lugha yetu hasa. Chupa na chumvi ziko kwenye ngeli moja. Nikisema "iwe kavu", ni ipi iwe kavu? "Iache itulie", ni chupa au chumvi? "Ikinata"? Kwenye karatasi jicho linaliona jina lililo karibu na kuamua. Sikio linabahatisha. Makala ingekuwa ya chupa na vitunguu nisingepata shida, maana "i-" ingekuwa ya chupa na "vi-" ya vitunguu, ngeli yenyewe inamshika mtu mkono. Vitu viwili vya ngeli moja vikikutana, jina linarudiwa kila mara: chumvi iwe kavu, chupa nayo iwe kavu. Mwalimu wangu wa insha angezungushia duara jekundu marudio hayo. Redioni hakuna anayeyasikia kama marudio.

Vilevile nikafuta "hu-". Kwenye makala kuvu huota, sumu huenea, wakulima huanika. Ni maandishi mazuri, lakini nani nyumbani anasema "mimi hunywa chai asubuhi"? Tunasema "nakunywa". Kuvu inaota, sumu inaenea. Na "ambapo" na "ambayo" karibu zote zikafa. Kila nilipoikuta "amba-" nilikuwa nimekuta mahali pa kuvunja sentensi.

Mwendo ulinijia kutoka mahali ambapo sikutarajia. Nilimwita dada yangu anieleze namna ya kupika visheti, nikarekodi bila kumwambia sababu. (Alikasirika baadaye, akasema angevaa vizuri. Kwa sauti!) Sikiliza anavyounga: "Unakanda unga. Ukishakanda, unauacha. Ukishauacha robo saa hivi, unasukuma. Sasa wakati unasukuma..." Kila hatua inaokota mkia wa hatua iliyopita. "Ukisha-" inafanya kazi mbili: inamwambia msikilizaji amefika wapi, na inampa nusu sekunde ya kumalizia kufikiri kabla ya neno jipya. Aliyekosa hatua moja anaidaka kwenye inayofuata. Hadithi za bibi zinakwenda hivyo hivyo, akaenda, akaenda, alipofika. Sentensi zikawa fupi bila kuwa gwaride, na hapa na pale nikaachia moja ndefu ipite, kwa kuwa sikio nalo linachoka kukatwakatwa.

Sehemu ya katikati ilitoka hivi. Alama ya mkwaju mmoja ni pumzi fupi, miwili ni kunyamaza mpaka ujihisi umekosea:

Sasa, utajuaje yamekauka? //
Usiyatazame tu. / Macho yanadanganya. / Yapime. //
Kupima, unahitaji chupa ya kioo, / na chumvi ya jikoni. //
Sikiliza vizuri hapa. / Chumvi hii si dawa. / Haiui kuvu. / Wala huimwagi kwenye gunia. / Kazi yake ni kutuonyesha unyevu, / basi. //
Chumvi iwe kavu. / Chupa nayo iwe kavu. //
Chota mahindi kwenye gunia, / na mkono ufike katikati, / usichote ya juu tu. //
Yatie kwenye chupa. / Yasifike nusu. //
Ukishatia mahindi, / ongeza chumvi. / Vijiko viwili vya chakula, / visijae sana. //
Ukishaongeza chumvi, / funga chupa, / halafu tikisa. / Tikisa dakika nzima, / mpaka mkono ulalamike. //
Ukishatikisa, / weka chupa chini, / kanywe chai. / Robo saa. //
Ukirudi, / itazame chupa kwa pembeni. //
Chumvi imenata kwenye kioo? // Mahindi bado mabichi. / Yarudishe juani. //
Chumvi yote imeshuka chini? // Hapo umevuka hatua ya kwanza.

Utaona theluthi haipo. Jikoni hakuna mtu anayesema theluthi, na chupa haina alama. "Yasifike nusu" inamfikisha karibu vya kutosha kwa kipimo hiki. Mililita 750 nazo zimekwenda. Chupa ya soda ya kioo ni ndogo kuliko hiyo, lakini ni kavu na inaonekana ndani, na mahindi yakibaki chini ya nusu kazi inafanyika. Gramu zimekuwa vijiko. Dakika 15 zimekuwa robo saa, silabi nne badala ya nane. "Kanywe chai" si utani tu: nilipoiacha robo saa peke yake, wasikilizaji wawili kati ya wanne niliowajaribu waliitazama chupa papo hapo baada ya kutikisa.

Ile mistari ya "sikiliza vizuri hapa" ni ya shangazi. Imekula sekunde kumi, nami nazilipa kwa moyo mkunjufu. Nimejifunza kwamba kosa ambalo msikilizaji mmoja mwenye akili timamu amelifanya, wengine wengi watalifanya kimya kimya bila kupiga simu, kwa hiyo linajibiwa ndani ya skripti kwa maneno yake mwenyewe.

Kigumu zaidi kilikuwa mipaka ya kipimo. Chumvi inanata unyevu ukiwa umezidi asilimia 15 hivi. Ghalani tunataka mahindi yashuke mpaka 13.5. Maana yake mahindi yenye asilimia 14 na ushee yanaweza kufaulu mtihani wa chupa na bado yasiwe salama kukaa miezi. Kwenye makala nilikuwa na aya nzima ya kueleza pengo hilo, na namba zake mbili. Nilijaribu kuisema kwa sauti mara nne. Kila mara asilimia mbili zinazofanana fanana zilipogongana, msikilizaji alikuwa anatoka na moja, tena si ile ninayoitaka. Mwishowe nikaacha namba zote mbili, nikabakiza maana yake: "Chupa inakamata mahindi mabichi. Haikuapii kwamba yamekauka barabara. Kwa hiyo chumvi ikishuka yote, yaongezee jua kabla hujafunga gunia." Mtaalamu wa maghala ataona nimepunguza. Ni kweli. Lakini sijapotosha, na mwenye gunia anajua la kufanya.

Mpaka wa pili sikuthubutu kuufupisha. Chupa inapima unyevu, haipimi sumu. Mahindi yaliyolala chini kwenye udongo wiki mbili yakapata kuvu, kisha yakaanikwa yakakauka vizuri, yatafaulu kipimo cha chumvi huku yamebeba sumu tele. Na sumukuvu haionekani, haina harufu, na moto wa ugali hauiondoi. Sentensi yangu ya zamani ilikuwa: "Punje iliyoathirika na kuvu huzalisha sumu ambayo hata ikipikwa haiondoki." Ngeli tena! Punje, sumu, kuvu, zote "i-". Nini kinapikwa, nini hakiondoki? Ikawa: "Chupa inapima maji. Haipimi sumu. Mahindi yakishaingia sumu, kupika hakuisaidii kutoka. Ndiyo maana tunaanika kwenye turubai, hatuaniki kwenye udongo." Hapo nikanyamaza sekunde mbili kamili. Kwenye rekodi ya kwanza nilizifuta nikidhani ni kosa. Niliposikiliza nikiwa naosha vyombo, nikazirudisha.

Kusikiliza huku unafanya kazi nyingine ndiyo hariri yangu ya mwisho siku hizi. Nikikaa na vipokea sauti masikioni nasikia kila kitu, kwa hiyo sigundui chochote. Nikiwa na sufuria mkononi, mahali nilipopotea ndipo msikilizaji atakapopotea, nami niliandika mwenyewe! Mara mbili nimekuta ni pale nilipoweka wazo jipya na neno jipya kwenye pumzi moja. Neno "sumukuvu" lenyewe lilikuwa hivyo. Sasa linakuja kwa hatua: kwanza kuvu, ile ya kijani unayoiona kwenye bunzi, kisha kwamba kuvu inatoa sumu, halafu ndipo, "wenyewe wanaiita sumukuvu."

Dondoo moja ya mezani: chapa kwenye karatasi, herufi kubwa, kila pumzi na mstari wake, na sentensi isivuke ukurasa. Soma umesimama. Ukisoma kwenye simu ile ile inayorekodi, kidole kikisukuma maandishi juu, rekodi inakishika.

Rekodi ya pili ilitoka dakika mbili na sekunde hamsini na tatu. Sikuituma kwenye kundi. Nilimpigia shangazi, nikamwomba aweke simu mezani aendelee na shughuli zake, nikamchezea mpaka mwisho. Kisha nikamwambia anisimulie, na sikumuuliza kama ameelewa, kwa sababu swali hilo kila mtu anajibu ndiyo.

"Chupa," akasema. "Chumvi kavu, chupa kavu. Natikisa, nakunywa chai. Ikinata kwenye kioo narudisha juani. Na simwagi chumvi kwenye gunia, hilo umelisema kama mtu anayenigombeza."

"Sikukugombeza, shangazi."

"Haya. Na karanga je? Nazo natikisa?"

Karanga sikuwa nimezitaja hata mara moja. Nikamwambia hizo zina dakika tatu zake.